Giaboksi imekufa kabla ya wakati, niwaandikieje walioniuzia waangalie waranti upya? Maswali mnayoniuliza kila siku

Nina karakana Nyakato hapa Mwanza, tunachomelea, tunachonga shafti, tunaunda mashine ndogo ndogo. Mwaka huu giaboksi moja niliyonunua Dar ilinifia ndani ya siku 45 tangu ianze kazi, nikaandika barua, wakakataa, nikaandika tena vizuri wakakubali kuiangalia. Tangu hapo mafundi wenzangu kila wakikwama wananipigia, wengine wanakuja hadi getini na giaboksi kwenye bajaji, basi nimeamua niyaandike yote sehemu moja.

Ilikuwa giaboksi ya nini hasa, ya gari?

Hapana, sio ya gari. Ni ile ya kupunguza spidi ya mota, aina ya wom, yaani ndani kuna shafti ya chuma kigumu yenye uzi kama skrubu (hiyo ndio wom) inasukuma gurudumu la bronzi. Nilimuundia mzee mmoja anayefuga sato kwenye vizimba upande wa Ilemela miksa mbili za kuchanganya chakula cha samaki: dagaa waliosagwa, pumba za mpunga, soya na mashudu, kilo 300 kwa mpigo. Kila miksa ina mota ya kW 4 inayozunguka mara 1,440 kwa dakika, na giaboksi ya 30 kwa 1, kwahiyo mapanga ya miksa yanazunguka mara 48 kwa dakika.

Giaboksi zote mbili nilizinunua siku moja, duka moja, risiti moja. Shikeni hapo kwenye mbili, maana ndiko kesi nzima ilikosimamia.

Si nipige tu simu au niwarushie voisi Watsap?

Ndio nilichofanya mimi mara ya kwanza. Nilikuwa na hasira, mzee wa vizimba ananipigia kila asubuhi samaki hawajala, nikarekodi voisi ya dakika nne nalalamika mmeniuzia feki, nikatuma na video ya mashine inapiga kelele. Jibu likaja baada ya siku tatu, mistari miwili tu: mmezidisha mzigo au mmetumia oili isiyo sahihi, waranti haihusiki.

Na ukiangalia kwa utulivu hawakuwa wajinga kujibu hivyo. Kwenye voisi yangu hamna namba ya mashine, hamna aina ya oili, hamna masaa iliyofanya kazi, hamna mzigo. Mtu wa kaunta Dar, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwangu, atajuaje? Atachukua sababu mbili anazozisikia kila siku afunge faili. Barua inamlazimu aipeleke kwa mtu wa ufundi, kwasababu ina vitu ambavyo yeye hawezi kuvijibu.

Niendelee kuitumia wakati nasubiri jibu? Kazi zitasimama.

Zima. Najua inauma. Ila giaboksi ya wom ikishaanza kula bronzi kila saa unayoongeza inafuta ushahidi, meno yanaliwa mpaka alama ya mwanzo haionekani tena, mwisho yanakatika yote na hapo hata fundi mkubwa akifungua ataona uji wa bronzi tu. Halafu watakwambia "uliona inapiga kelele ukaendelea", na watakuwa na haki.

Mimi niliendelea siku moja na nusu baada ya kusikia mlio. Nayo niliiandika kwenye barua.

Nifungue niangalie ndani?

Usifungue. Karatasi ya waranti yangu iliandika wazi kwamba ikifunguliwa bila ruhusa waranti imekufa, na nyingi zinaandika hivyo hivyo. Vijana wangu tayari walikuwa wameshika spana namba 17, nikawahi.

Ila kutofungua sio kwamba huwezi kuona. Giaboksi ina vizibo: cha kujazia oili, cha kuonyesha usawa, na cha chini cha kumwagia. Toa cha juu, ingiza tochi na ile kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu. Sasa kuna ujanja mmoja mtamu. Kama wom yako ina uzi mmoja na uwiano ni 30 kwa 1, gurudumu lina meno 30, kwahiyo ukizungusha feni ya mota kwa mkono mzunguko mmoja kamili, linasogea jino moja kamili mbele ya kamera. Zungusha mara 30 umeshaliona gurudumu zima, jino kwa jino, na kila moja unalipiga picha. Niliandika namba kwa chaki kwenye kifuniko cha feni tusichanganye. Chomoa umeme kwanza lakini, fyuzi itoe uiweke mfukoni, maana kuna watu huwa wanawasha swichi bila kuuliza.

Sasa nitajuaje kosa ni lao na sio langu?

Hili ndilo swali lenyewe, na hapa sitakimbia.

Jino la gurudumu la bronzi lina upana, na uzi wa wom unateleza kwenye upana huo kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine. Ukingo unapoingilia uzi panatakiwa pabaki upenyo mdogo sana ili oili ivutwe iingie katikati ya chuma na bronzi. Kwahiyo giaboksi mpya iliyofungwa vizuri, ile sehemu inayong'aa kwa kusuguana inakaa katikati ya jino au imeegemea kidogo upande wa kutokea. Mwanzoni ni kidoa kidogo, kinapanuka taratibu kadri meno yanavyozoeana. Hiyo ni kawaida, usikimbilie kulalamika.

Ikiwa gurudumu limekaa pembeni, labda kiwandani waliweka shimu chache upande mmoja, yaani vile vibati vyembamba vya kulisogeza likae katikati, mguso unahamia ukingo wa kuingilia. Hapo uzi unapoingia badala ya kuvuta oili unaikwangua. Panabaki pakavu, panapata joto, bronzi inaliwa, na oili uliyoweka iwe ya bei gani haisaidii kitu.

Basi mimi nilichokiona kwenye kamera ni hiki: meno yote 30 yameliwa ukingo mmoja, upande wa kuingilia, karibu theluthi moja ya upana pamekuwa na ngazi kabisa, na theluthi mbili zilizobaki bado zina mistari ya mashine ya kiwandani, mipya, kama haijawahi kuguswa. Yaani jino hilo hilo moja, huku limekwisha huku halijaanza kazi.

Linganisha na makosa ambayo ni yetu sisi mafundi. Oili mbaya au oili pungufu inakula uso wa jino kwa upana wake, haichagui ukingo. Mzigo uliozidi muda mrefu nao unaacha vishimo na michubuko iliyosambaa. Kishindo, mfano jiwe limeingia kwenye mapanga, kinavunja au kupinda meno mawili matatu yaliyokuwa yameshikana wakati huo, mengine yanabaki mazima. Ukiona moja ya hizo tatu kaa chini ujiulize kabla hujaandika barua ya kumlaumu mtu.

Cha pili ni mchezo wa shafti. Nilifunga bomba la mm 500 kwenye shafti ya kutokea, ile inayozungusha mapanga, mota imezuiwa, nikasukuma huku na huku nikapima ncha ya bomba inatembea kiasi gani. Iliyoharibika ilitembea mm 14. Pacha wake, ile giaboksi ya miksa ya pili, ilitembea mm 3.

Cha tatu joto. Baada ya masaa mawili ya kazi pacha ilikuwa nyuzi 71, iliyoharibika ilikuwa 96, chumba kimoja, siku moja, kipimo kimoja. Giaboksi ya wom kuwa ya moto hadi usiweze kuishika sio ajabu kwasababu nguvu nyingi inapotelea kwenye msuguano, watu huwa wanaogopa bure. Cha kutisha ni hiyo tofauti ya nyuzi 25 kati ya mbili zinazofanya kazi sawa.

Kama sina pacha wa kulinganisha?

Basi barua yako itategemea picha za meno, na zinatosha zikiwa safi. Ila ukiwa unanunua kwa mteja mwenye mashine mbili, nunua zinazofanana, mimi sasa hivi ndio utaratibu wangu.

Wakisema mmezidisha mzigo nawajibu nini?

Wajibu kwa hesabu, na ni hesabu ya dakika tano. Nguvu ya kuzungusha kwenye shafti ya kutokea inapatikana hivi:

```
9550 x kW / mizunguko kwa dakika
9550 x 4 / 48 = 796 Nm
796 x 0.8 = 637 Nm
```

Hiyo 0.8 ni kwasababu wom ya 30 kwa 1 haipitishi nguvu yote, karibu moja ya tano inageuka joto. Kibati cha giaboksi kinasema inabeba Nm 900. Ukigawa 900 kwa 637 unapata 1.4, maana yake hata mota ikitoa nguvu yake yote giaboksi bado ina nafasi ya ziada ya asilimia 40. Kwa miksa ya masaa sita kwa siku hiyo inatosha vizuri.

Halafu pima na umeme halisi. Kibati cha mota kinasema ampea 8.6 kwa mzigo kamili, sisi kwa klampu mita miksa ikiwa imejaa kilo 300 tulisoma 7.2. Nilipiga picha mita ikiwa imeshika waya namba zinaonekana. Ukiwa na hizo mbili, hesabu na picha, neno "mzigo" linaondoka mezani.

Kama hesabu yako inatoka chini ya 1 lakini, usitume barua. Hapo uliyechagua giaboksi ndogo ni wewe.

Oili nayo? Mimi naweka ya gia ya gari, si oili ni oili?

Hapana kaka, na hapa ndipo mafundi wengi wa ukanda huu tunapigwa. Kibati kilitaka ISO VG 460, oili nzito ya gia za viwandani. Ile ya gari iliyoandikwa 80W-90 GL-5 ina mambo mawili: kwanza ni nyepesi kuliko hiyo, pili ina dawa za salfa na fosforasi zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma kwa chuma, na kwenye bronzi ikishapata moto zinaweza kuila. Ukiweka hiyo halafu ukaandika barua ya waranti unapoteza stempu tu.

Na kingine, kama giaboksi ilikuja na oili yake ya sintetiki ya aina ya poliglaikoli, usiongezee juu yake oili ya kawaida hata robo lita. Hazichanganyiki, zinaganda kama uji.

Sisi tuliweka 460 ya kweli, kopo nilikuwa nalo bado na risiti yake, nikapiga picha vyote pamoja. Kisha nikachukua sampuli: kabla ya kumwaga chochote nilifungua kizibo cha chini nikakinga nusu lita ya kwanza kwenye chupa nyeupe ya maji, safi na kavu, nikabandika lebo yenye tarehe na namba ya giaboksi, nikaifunga na selotepu na kusaini juu yake. Ukiiweka juani unaona vumbi la dhahabu linazunguka polepole, na chini vimelala vipande bapa vikubwa kama magamba ya dagaa. Vumbi la dhahabu kidogo masaa ya mwanzo ni kawaida, meno yanazoeana. Magamba sio kawaida.

Nikapitisha sumaku nje ya chupa. Bronzi haishikwi na sumaku, chuma kinashikwa. Kilichosogea kilikuwa kidogo mno, kama majivu, kwahiyo beringi na wom hazikuwa zinakufa, kilichokuwa kinakufa ni gurudumu peke yake. Hili jaribio halina gharama na linaongea sana.

Kuna kosa tulilofanya sisi, nilitaje kwenye barua au nikaushe?

Litaje. Sisi tulikuwa nalo: giaboksi hizi zinasafirishwa na kizibo kisichopitisha hewa oili isimwagike njiani, ukifunga unatakiwa ukitoe uweke kile chenye tundu la kupumulia. Kijana wangu alisahau kwenye miksa ya kwanza. Siku mbili hewa ya moto ikabanwa ndani, ikasukuma oili kwenye sili ya shafti ya kutokea, tukaona imelowa chini. Tukabadilisha kizibo, tukaongeza mililita 200 za oili ile ile.

Kila mtu aliniambia usiandike hilo, utajichimbia. Mimi nikafikiria hivi: wakifungua wataona sili imesukumwa nje, na kama sijasema, kila nilichosema kingine kitaonekana uongo. Nikaandika, na nikaeleza kwanini haiwezi kuwa sababu ya meno kuliwa ukingo mmoja: usawa wa oili ulirudishwa siku ya pili, na oili pungufu haichagui ukingo. Vilevile niliandika kwamba umeme ulikatika mara tatu miksa ikiwa imejaa na ikawashwa hivyo hivyo na mzigo wake, ila na pacha ilikuwa kwenye laini hiyo hiyo, ikawashwa vile vile, na haina kasoro.

Tuonyeshe barua yenyewe basi.

Hii hapa, nimetoa majina na namba tu.

> Ndugu Meneja,
>
> YAH: OMBI LA KUANGALIA UPYA WARANTI YA GIABOKSI ILIYOHARIBIKA BAADA YA MASAA 220
>
> Tarehe 12 Februari nilinunua kwenu giaboksi mbili za wom, uwiano 30 kwa 1, Nm 900, kwa risiti ya EFD niliyoambatanisha. Namba zake ziko kwenye picha ya 1 na ya 2. Waranti yenu ni miezi 12 tangu siku ya kununua. Tarehe 11 Aprili mlinijibu kwamba waranti haihusiki kwa sababu ya mzigo au oili. Wakati ule sikuwa nimewapa vipimo, na sasa ninavileta nikiomba muangalie upya.
>
> Zote mbili zinaendesha miksa za chakula cha samaki zinazofanana, chumba kimoja, mota za kW 4, masaa sita kwa siku, siku sita kwa wiki, kuanzia tarehe 24 Februari. Oili ni ISO VG 460 (picha ya kopo na risiti, ya 3). Umeme uliopimwa kwa mzigo kamili ni ampea 7.2, na mota inaruhusu 8.6 (picha ya 4). Hesabu ya nguvu iko ukurasa wa pili, inaonyesha Nm 637.
>
> Giaboksi ya kwanza ilianza mlio tarehe 8 Aprili asubuhi, tukaizima tarehe 9 mchana. Haijafunguliwa. Kwa kamera kupitia kizibo cha juu, meno yote 30 yameliwa kwenye ukingo wa kuingilia wom tu, theluthi moja ya upana, na sehemu iliyobaki haijaguswa (picha ya 5 hadi ya 34). Mchezo kwenye mm 500 ni mm 14, wakati giaboksi ya pili ni mm 3. Joto ni nyuzi 96, ya pili ni 71. Sampuli ya oili ninayo, imefungwa.
>
> Kwa uwazi: siku mbili za mwanzo giaboksi hii ilifanya kazi na kizibo cha safari, sili ikavuja, tukabadilisha kizibo na kuongeza mililita 200. Pia umeme ulikatika mara tatu miksa zote zikiwa na mzigo, zikawashwa bila kupakuliwa.
>
> Kwa ninavyoona, alama hizi zinaendana na gurudumu kutokaa katikati wakati wa kuunganishwa. Naomba giaboksi ifunguliwe na fundi wenu mbele yangu au kwa video, apime mahali gurudumu lilipokaa, na mnipe majibu kwa maandishi. Ikithibitika, naomba gurudumu na wom vibadilishwe kwa pamoja au nipewe giaboksi nyingine. Ikionekana kosa ni letu, nitalipia ufunguzi.
>
> Nitashukuru kupata jibu ndani ya siku 14.
>
> Wako,
> Mwenye karakana, Nyakato, Mwanza

Ukurasa mmoja na nusu, basi. Mwanzoni nilikuwa na kurasa nne, nikakata habari zote za hasara na uchungu wa moyo.

Kwanini umeomba waangalie upya na sio kudai mpya moja kwa moja?

Kwasababu kuangalia hakumgharimu mtu cheo. Ukidai mpya, aliyesema hapana mara ya kwanza inabidi akubali mbele ya bosi wake kwamba alikosea. Ukimwomba afungue na kupima anaweza kusema tu kuna taarifa mpya. Na ile ahadi ya kulipia ufunguzi kama kosa ni langu ilinitetemesha kidogo wakati naiandika, ila ndiyo iliyowafanya wanipigie siku ya nne badala ya kungoja 14.

Gurudumu na wom kwa pamoja, si gurudumu tu ndilo limeharibika?

Hizo ni mke na mume, zinabadilishwa pamoja. Wom iliyosugua pembeni ina mikwaruzo hata kama huioni kwa jicho, ukiifungia gurudumu jipya inaanza kulila upya. Wakikupa gurudumu peke yake kataa kwa upole.

Risiti imefutika maandishi / karatasi ya waranti imepotea?

Zile risiti za EFD zinafifia ukiziacha kwenye dashibodi, piga picha siku ile ile unayonunua. Kama imepotea, muuzaji anaweza kuitafuta kwenye mashine yake kwa tarehe na kiasi, mpe hivyo viwili. Muamala wa simu au wa benki nao unaonyesha tarehe.

Kuisafirisha Dar ikoje?

Usimwage oili yote ukaiacha kavu, beringi na meno yatashika kutu na utaonekana mzembe. Rudisha kile kizibo cha safari (tulikitunza, bahati), ifunge kwa bolti kwenye kipande cha ubao, shafti zipake grisi uzizungushie mpira wa tairi. Weka alama ya rangi inayopita katikati ya kifuniko na bodi, ukiipiga picha kabla ya kupakia basi, ikifika alama haijavunjika hakuna atakayesema ilifunguliwa njiani. Mzigo nilipakia Nyegezi jioni. Chupa ya sampuli niligawa mara mbili, nusu ikaenda, nusu ikabaki kwenye kabati langu.

Na wakikataa hata baada ya barua nzuri?

Hapo una Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo inasema muuzaji akielezwa bidhaa inakwenda kufanya kazi gani, na mnunuzi akategemea utaalamu wake, bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Ndio maana siku ya kununua andika ujumbe, hata wa Watsap, "nataka giaboksi ya miksa ya kilo 300, mota kW 4, masaa sita kwa siku", naye akijibu "chukua hii" unakuwa na kitu mkononi. Kwenda mbali zaidi ya hapo kaongee na wakili, mimi ni mchomeleaji.

Iliishaje?

Waliifungua kwa video, mimi nikiwa karakana na mzee wa vizimba amekaa pembeni yangu kwenye ndoo. Fundi wao alikuwa mtu mzima, hana maneno mengi. Akatoa kifuniko cha pembeni, akahesabu shimu: upande mmoja tatu, upande mwingine hamna. Akapima, gurudumu lilikuwa limesogea zaidi ya milimita moja kutoka katikati. Akanyamaza, akaigeuza kamera kwenye meno, akasema "eeh, hii ilikufa siku ilipozaliwa."

Wakaweka gurudumu na wom vipya, shimu zikagawanywa, wakapaka ile rangi ya bluu kwenye meno wakanionyesha alama imekaa katikati imeegemea upande wa kutokea. Sili ya shafti ya kutokea walinilipisha, kwasababu ya kile kizibo chetu, nikalipa bila kubishana. Nauli ya kwenda nililipa mimi, ya kurudi wao. Hasara ya mzee ya kununua chakula kwa watu siku 26 hawakuigusa, ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya waranti kwamba hawafidii hilo, tukaimaliza mimi na yeye kwa kumtengenezea meza mbili za kuanikia.

Imefungwa tena tangu mwezi wa tano. Wiki iliyopita nilipita nikapima, nyuzi 69, pacha 70. Kijana aliyesahau kizibo ndiye aliyekuwa ameshika kipimo.